Mkandarasi alilipa deni nililokwisha kulifuta, nikakosea mara mbili kuliandika

Nafanya hesabu za kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Mwaka 2021 mkandarasi mmoja alichukua nondo na saruji za Sh 4,800,000 kwa mkopo, akazima simu. Desemba 2022 tulikata tamaa, nikalifuta: gharama ya madeni mabaya debiti, akaunti yake krediti, ikabaki sifuri. Mzee mwenye duka aliguna siku nzima.

Agosti 2024 benki ikaingia Sh 3,000,000. Jioni jamaa akapiga simu: "Mama, ile hela yenu nimeanza kuipunguza. Nisameheni." Nilicheka mwenyewe ofisini.

Kosa la kwanza nililifanya kwa furaha. Niliandika benki debiti, mauzo krediti, nikaenda nyumbani nikijiona mjanja. Mwisho wa mwezi, kama kawaida, nikalinganisha mauzo ya kwenye leja na ripoti za Z za mashine ya EFD. Leja imezidi Sh 3,000,000 kamili, bila senti ya ziada. Nilitafuta risiti zilizopotea kwa karibu siku mbili, nikamshuku hadi kijana wa kaunta, masikini. Kumbe mauzo ni yale ya 2021, na risiti yake ilitoka mwaka huohuo. Nondo ilishauzwa, haiuzwi mara ya pili kwa sababu tu hela imechelewa.

Nikafuta, nikajaribu njia ya pili: benki debiti, akaunti ya mkandarasi krediti. Si amelipa deni lake? Nilipochapa orodha ya wadaiwa nikamkuta na salio la hasi Sh 3,000,000. Maana yake ni sisi tunaodaiwa naye! Mtu aliyetukimbia miaka mitatu, vitabu vyangu vinasema tumrudishie. Ukiona mdaiwa wa zamani ana salio hasi na hakuna malipo ya awali wala mzigo uliorudishwa, angalia kama deni lake liliwahi kufutwa.

Hapo nikaomba ushauri kwa kaka mmoja anayejiita mtaalamu. Akaniambia nifungue hesabu za 2022, niondoe ile gharama, nizipeleke upya. Nilikaribia kumsikiliza! Lakini mwaka 2022 hatukukosea. Kwa tulichokijua siku ile, hela ilikuwa imepotea. Kurekebisha mwaka uliopita ni kwa makosa, na kubadilika kwa hali si kosa. Mapato haya ni ya 2024, mwaka yalipopatikana.

Kilichofaa kilikuwa na hatua mbili. Kwanza nilifufua deni: akaunti ya mkandarasi debiti Sh 3,000,000, "madeni mabaya yaliyorejeshwa" krediti Sh 3,000,000, chini ya mapato mengine. Halafu nikapokea hela: benki debiti, mkandarasi krediti. Akaunti yake ikarudi sifuri, ila sasa inasimulia kila kitu, na akirudi kuomba mkopo mwingine Mzee ataona historia yake. Ungeweza kuruka ufufuo na kukrediti mapato moja kwa moja, faida itatoka ileile, lakini kumbukumbu ya mteja itapotea. Na fufua kilicholipwa tu. Mzee alitaka nirudishe zote 4,800,000 kwa kuwa jamaa ameahidi. Nikamwambia, "Mzee, ahadi yake tuliwahi kuiona." Iliyobaki 1,800,000 itafufuliwa ikifika.

Sasa sehemu ninayojivunia. Kampuni inalipa kodi ya mapato asilimia 30, kwa hiyo Sh 3,000,000 za mapato zilikuwa zivute Sh 900,000. Nilikuwa nimeshakubali. Usiku mmoja nikakumbuka manung'uniko ya mkaguzi wetu, nikaenda kuchimbua faili la 2022, limejaa vumbi na mavi ya mjusi. Kwenye ukokotoaji wa kodi wa mwaka ule, Sh 4,800,000 zote zilirudishwa kwenye faida, kwa sababu hatukuwa na barua hata moja ya kumdai. Tulipiga simu tu, na simu haziachi karatasi. Yaani gharama ile haikuwahi kutupunguzia kodi. Kodi ya mapato kwa mauzo yale tulishailipa.

Marejesho hutozwa kodi pale ambapo kufutwa kwa deni kulikupa nafuu ya kodi. Sisi hatukupata. Basi kwenye faida na hasara ya 2024 mapato yanaonekana, lakini kwenye ukokotoaji wa kodi nikayatoa, nikaambatisha nakala ya ukurasa wa 2022. Mkaguzi akausoma mara mbili, akatia tiki.

Madeni ya wengine sasa nayadai kwa barua, nakala na sahihi ya aliyepokea. Mzee ananiuliza karatasi za nini. Kijana wa kaunta nilimnunulia chipsi mayai.