Samaki alivyosingiziwa kwenye kantini yetu

Alhamisi asubuhi zamu ya mchana ilikuwa nusu. Waliofika walikuwa wameshikilia matumbo, na foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya kupiga kadi. Kufikia saa mbili kesi ilikuwa imeshaamuliwa: ni samaki wa jana. Mmoja alikumbuka harufu, wa pili akaongezea macho mekundu ya samaki, na aliyeleta samaki akawa amehukumiwa bila kuitwa.

Mimi ndiye ninayeshughulikia usalama na afya kazini kwenye bohari yetu huku Changamwe, Mombasa, kwa hiyo nilikwenda jikoni kwanza kabla ya kumsikiliza mtu. Mama mpishi alikuwa ameshafungua bomba aoshe sufuria.

"Shangazi, naomba usioshe chochote."

"Mwanangu, mimi napika hapa miaka yote hii na hajafa mtu."

"Najua. Ndiyo maana nataka mabaki yako yazungumze, sio midomo ya watu."

Kila kilichobaki tulikitia kwenye chombo safi chenye kifuniko, kila chakula na chombo chake na kijiko chake, tukaandika jina, tarehe na saa, tukaweka kwenye friji. Mtu wa ofisini alitaka viwekwe kwenye friza "visiharibike". Nilikataa. Wako bakteria wanaokufa wakigandishwa, na maabara ikiletewa chakula kilichoganda inaweza isiwakute hata kama ndio walioumiza watu. Baridi ya nyuzi 4 hivi inatosha, mradi sampuli zisikawie kufika.

Kisha nikampigia simu afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Watu wengi wakihara kwa pamoja Mombasa, kipindupindu lazima kifikiriwe, na hilo si la kusubiri mpaka meneja arudi mkutanoni. Aliniambia wanaohara wapewe ORS, wasirudi kazini kwa siku hiyo, wala asiguse chakula yeyote wa jikoni anayeumwa tumbo. Mzee mmoja mwenye kisukari tulimpeleka hospitali mapema bila kungoja azidiwe. Kila hatua niliiandika kwenye daftari papo hapo, na saa yake, na nani aliyeifanya.

Kazi kubwa ilikuwa karatasi ya mahojiano. Kwanza niliamua nani anahesabiwa mgonjwa: aliyekula chakula cha mchana cha Jumatano kantini, kisha akaharisha mara tatu au zaidi kabla ya Alhamisi kwisha. Kijana mmoja aliyelalamika kuliko wote alikuwa ameanza kuhara Jumatano asubuhi, kabla hata wali haujaiva. Huyo nilimwandika pembeni, simhesabu.

Halafu niliwahoji wazima pia. Hapa ndipo watu huchoka. "Mimi siumwi, unaniuliza nini?" Lakini ukiwauliza wagonjwa peke yao, chakula chochote kinachopendwa kitaonekana kina hatia. Kwetu karibu wote walikula wali, kwa hiyo karibu wagonjwa wote walikula wali. Hilo halikuambii kitu.

Sikuuliza "unadhani ni nini kilichokudhuru?" Nilisoma menyu ya Jumatano chakula kimoja kimoja: wali wa nazi, maharage, mchuzi wa nyama, samaki wa kukaanga, mchicha, ndizi, maji ya kantini. Kila kimoja ndiyo au hapana. Kisha: ulikula saa ngapi, dalili ya kwanza ilikuwa ipi, ilianza saa ngapi, ulitapika, ulipata homa. Waliokuwa nyumbani niliwapigia simu.

Saa zilinitesa. Mmoja anakwambia "saa nane usiku", mwingine anakuandikia kwenye simu "2:00", na ni wakati ule ule. Mwingine akisema "saa mbili" hujui ni baada ya isha au anasoma simu. Niliuliza kila mtu alama ya karibu: ulikuwa umeshalala? Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha? Adhana ya alfajiri ilikukuta chooni? Ndipo nikaandika saa moja tu kwa mtindo mmoja. Ukikosea saa sita hapo, umebadilisha ugonjwa mzima.

Waliokula walikuwa 58, wagonjwa 21. Niliwapanga kwa saa ya dalili ya kwanza. Chakula kililiwa karibu saa saba mchana. Wa kwanza alianza kusokotwa tumbo saa moja jioni, wa mwisho saa kumi na moja alfajiri, na wa katikati, yaani wa 11 kwenye mstari, saa tano usiku. Saa kumi baada ya kula. Watatu tu walitapika na hakuna aliyepata homa. Karibu wote ni msokoto na kuhara maji, na kufikia Alhamisi jioni wengi walikuwa wametulia.

Samaki wa jamii ya jodari akikaa bila barafu hukuwasha na kukufanya uso uwe mwekundu ndani ya saa moja hivi, si usiku wa manane. Sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula, kama ile ya wali uliolala, kwa kawaida hutapisha ndani ya saa sita. Salmonela mara nyingi huja na homa na huchelewa zaidi. Msokoto na kuhara baada ya saa nane mpaka kumi na sita, bila homa, ni tabia ya klostridia, yule bakteria wa masufuria makubwa ya nyama.

Hesabu ya vyakula ikaenda upande huo huo. Waliokula samaki walikuwa 27, wakaugua 6. Wasiokula 31, wakaugua 15. Waliokula mchuzi wa nyama walikuwa 30, wakaugua 19. Wasiokula 28, wakaugua 2. Katika hao wawili, mmoja nilipomrudia alisema nyama hakula, ila aliomba amwagiwe rojo juu ya wali. Wa pili nilimwacha alivyo. Karatasi isiyo na hata mtu mmoja wa kukuudhi inanitia shaka. Zamu ya usiku, waliokula chapati na ndengu kutoka jiko lile lile, hawakuugua hata mmoja.

Ndipo nikarudi kwa Shangazi na swali moja: nyama ilipikwa lini? Jumanne jioni, kwa sababu Jumatano gesi ingekuwa kidogo. Sufuria kubwa, imejaa, imefunikwa, ikalala sakafuni. Asubuhi ilipashwa "mpaka ikawa moto". Mbegu za bakteria hao hazifi kwa kuchemshwa. Mchuzi mzito kwenye sufuria kubwa hukaa na uvuguvugu usiku mzima, hasa kwa joto letu la pwani, na kwenye nyuzi arobaini na kitu wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika kumi hivi. Kuupasha juujuu hakuwamalizi.

Niliandika "inashukiwa" kwenye ripoti, sikuandika "imethibitika", na jina la Shangazi halimo. Humo mna sufuria, saa na joto. Afisa alichukua karatasi zote na vyombo vya friji. Majibu ya maabara yalikuja baadaye: mabaki ya mchuzi yalikuwa na klostridia zaidi ya laki moja kwa gramu. Wakati huo jiko lilikuwa limeshapewa trei pana, mchuzi umwagwe kina cha vidole vitatu na uingie friji ndani ya saa mbili, na kipimajoto cha kuhakikisha umepashwa hadi nyuzi 75 katikati ya sufuria. Aliyeleta samaki aliitwa tena, akapandisha bei.