Siku moja labo ya Bukavu: "Kule walisema krua mbili, weye unasema hakuna kitu"

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye kituo cha afya wanauliza, infirmye ama daktari? Nikisema laborantini wanakaa kimya kidogo halafu, "aaah, bale ba kutoboa vidole." Ndiyo, ni sisi. Miaka tisa sasa natoboa vidole vya watu wa Bukavu, na leo nataka niwaandikie siku moja tu, ile Jumanne iliyopita, mujue nini kinatokea kati ya kidole chako na ile karatasi unayopewa.

Saa moja kasorobo asubuhi nashuka Kadutu, usiku mvua ilinyesha kwa hiyo viatu viko mfukoni na miguu iko kwenye ndala. Nafungua labo, napangusa mikroskopi, nachanganya rangi ya Giemsa ya siku hiyo, sehemu moja ya rangi kwa sehemu tisa za maji. Ya jana namwaga hata kama imebaki nusu chupa. Rangi iliyolala inaacha vidoti vidoti kwenye lamu, kile kioo tunachowekea damu, na mtu mwenye haraka anavisoma vile vidoti kama malaria, nimeona mara nyingi.

Mpaka saa nne nimeshapima watu kumi na nne. Mkojo, choo, sukari, wamama wenye mimba. Saa nne na nusu umeme ukakatika, nikabeba mikroskopi mpaka dirishani kwa sababu yetu ni ya zamani, iko na kioo chini cha kupokea mwanga wa jua. Jua la Bukavu msimu wa mvua munalijua, linakuja linaondoka, kila wingu likipita nanyanyua kichwa nangoja.

Ndipo akaingia yule papa. Amembeba binti yake wa miaka mitatu mgongoni, kamfunga na kitenge cha mama yake, mtoto amelegea lakini macho yako wazi. Akaweka karatasi mezani. Karatasi ya mahali pengine, siwezi kupataja, imeandikwa asubuhi ileile: TDR pozitifu ++. "Mama, mimi sikuje kupimisha tena, nataka tu batie mutoto serumu, malaria njo hii, iko krua mbili."

Hapo nikashika kichwa kwanza. TDR, kile kijiti cha plastiki cha mistari, hakina krua, zile alama za +. Kinasema ndiyo ama hapana, basi. Mstari ukiwa mzito ama hafifu yote ni ndiyo, hauhesabu vimelea. Krua zinatoka kwenye guti epese, lile tone nene la damu tunalosoma kwa mikroskopi: krua moja ni kimelea kimoja mpaka kumi ukipitia champ mia moja (champ ni lile duara unaloliona ukichungulia), krua mbili ni kumi na moja mpaka mia moja kwenye champ mia zilezile. Kwa hiyo aliyeandika krua mbili pembeni ya TDR aliiongeza tu kwa kalamu.

Nikamuuliza, papa, huyu mtoto mara ya mwisho kunywa dawa ya malaria ni lini? "Hajakunywa." Nikaomba kikarne chake, kile kidaftari cha matibabu. Akakataa, akasema mimi ni mtu wa labo, kikarne ni ya daktari. Nikamwomba tena polepole. Nikafungua, na pale, siku kumi na sita nyuma: malaria, dawa ya siku tatu, dozi zote zimetiwa alama. "Ah ile? Ile ilipona."

Sasa hapo ndipo yote yalipo. TDR nyingi tunazotumia hazitafuti kimelea chenyewe, zinatafuta protini inaitwa HRP2 ambayo kimelea cha falsiparum kinaiachia ndani ya damu. Dawa inaua kimelea kwa siku mbili tatu, lakini ile protini inabaki inazunguka wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Mtoto amepona kabisa na kijiti bado kinachora mstari. Kwa mtu aliyetibiwa malaria ndani ya wiki nne hizi, kijiti cha HRP2 hakinisaidii, lazima nione kwa macho.

Nikamtoboa kidole. Alilia kidogo tu, na hiyo haikunifurahisha, mtoto wa miaka mitatu mwenye nguvu anapaswa kunipiga teke. Tone nene unalizungusha na kona ya lamu nyingine mpaka linafikia upana wa sentimita moja hivi, na ukiiweka lamu juu ya gazeti unapaswa kusoma maandishi chini yake kwa shida. Likiwa nene mno linabanduka kwenye maji, likiwa jembamba mno hautapata kitu. Halafu liache likauke lenyewe. Usilipitishe kwenye moto, usilitie pombe, sababu tunataka maji ya rangi yapasue chembe nyekundu zote, vibaki vimelea na chembe nyeupe peke yake. Kukauka, rangi dakika kumi, kuosha, kukauka tena, ni karibu saa nzima siku ya mvua.

Na ile saa nzima papa hakukaa. Kila dakika tano kwenye mlango. "Mama, bado?" "Mama, kule balimaliza dakika kumi na tano!" Akaenda kwa titulere, mkubwa wa kituo, kunishitaki kwamba namchelewesha juu nataka pesa. Wamama kwenye benchi nao wakaanza, eti hii labo tangu zamani, eti kijiti kinatosha, mmoja akasema alipimwa mara tatu na mara tatu negatifu na malaria alikuwa nayo "anaisikia kwenye mifupa". Mimi nimeinama dirishani, wingu limeshika jua, natafuta.

Champ mia moja, hakuna. Sheria inaniruhusu kuandika negatifu hapo. Nikaongeza mia, nikaongeza mia tena, kwa sababu ya ile karatasi yenye krua mbili na kwa sababu ya yule mtoto. Champ mia tatu, chembe nyeupe nyingi nzuri zenye rangi ya zambarau, kumaanisha rangi imeshika vizuri, na kimelea hata kimoja hakuna.

Nikamwita papa, nikamwambia negatifu. Akasimama. "Sasa njo nani anadanganya? Kule balisema krua mbili, weye unasema hakuna kitu. Nimelipa mara mbili!" Nikamwambia papa, hakuna anayedanganya kwenye ule mstari. Mama watoto akizima makala jioni, asubuhi nguo zenu bado zinanuka moshi, sivyo? Kijiti kimenusa moshi. Mimi nimeangalia ndani ya mbabula, moto hakuna. Akakaa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonichoma, "Sasa kama si malaria, mutoto anaunguza juu ya nini?"

Hilo ndilo swali. Negatifu haimaanishi hakuna kitu. Mtoto ana 39.2, ana kitu. Negatifu inatuambia tugeuke tuangalie kwingine, na tugeuke haraka. Nikamwomba afungue kitenge, afunue kifua cha mtoto. Si kazi yangu, lakini niliona mbavu zinavyokwenda. Nikatoa simu, nikahesabu dakika nzima, pumzi hamsini na nne. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, kuanzia arobaini tayari ni mbio. Nikamkimbilia titulere, naye akahesabu upya akapata hamsini na mbili, akasikiliza mgongo, akauliza kama anakunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, akashika shingo. Anakunywa, hatapiki, shingo laini. Nimonia. Akaandikiwa amoksisilini ya kuyeyusha kwenye maji, akanywa ya kwanza palepale mbele yetu, na papa akaambiwa arudi baada ya siku mbili, na arudi hata usiku uleule akikataa kunywa ama mbavu zikianza kuingia ndani. Serumu hakuna, dawa ya malaria hakuna. Kama angepewa dawa ya malaria tena, zingepita siku tatu nyingine na mapafu yanaendelea kujaa.

Saa sijui ngapi nikala. Mihogo baridi, nimesimama. Mchana ule sikumbuki vizuri, umeme ulirudi, watu walipita, shingo inauma kama mtu ameikalia.

Nilikuwa nimeshavua blouse ya kazi wakati yule kijana aligonga. Wa jana! Alikuja jana mchana na homa iliyoanza alfajiri ileile, ametoka Uvira, kule chini, siku tatu nyuma baada ya kukaa kule wiki mbili. TDR negatifu, guti epese negatifu. Sikumwambia hana malaria, nilimwambia rudi kesho. Sisi tunaokaa huku juu, mita 1,500 hivi, wengi miili yetu haijazoea malaria, homa inaweza kuwaka wakati vimelea bado ni vichache, chini ya vile kijiti ama jicho linaweza kukamata. Na tena falsiparum inajificha, vimelea vikikomaa vinang'ang'ania ndani ya mishipa midogo ya viungo, vinaacha kuzunguka, mpaka vipasuke vitoe vichanga, mzunguko wa kama saa arobaini na nane. Ukitoboa kidole saa mbaya haukuti kitu. Ndiyo maana tunarudia kila saa kumi na mbili mpaka ishirini na nne, mpaka mara tatu, na anayerudia awe bado hajameza dawa za kubahatisha.

Kusema kweli nilitaka kumwambia aje asubuhi. Alikuwa anatetemeka. Nikavaa blouse tena.

Champ ya tano, pete. Ndogo, nyembamba, buluu na kidoti chekundu, kama pete ya mtoto. Champ ya saba, mbili. Nikahesabu pamoja na chembe nyeupe mpaka mia mbili, nikapata vimelea arobaini na sita. Unazidisha kwa elfu nane, chembe nyeupe tunazokadiria kwa mikrolita moja, unagawa kwa zile mia mbili, 1,840 kwa mikrolita moja ya damu. Alipewa dawa, dozi ya kwanza akanywa na chai ya titulere, akashuka na ndugu yake.

Halafu nikatoa lamu yake ya jana kwenye boksi. Ilikuwa saa moja usiku, hakuna aliyeniomba. Nilitaka kujua kama ni mimi niliyepitwa. Champ mia mbili zaidi ya zile za jana. Safi, hakuna hata pete moja. Nikaziweka pamoja ile ya jana na ile ya leo, nikaandika tarehe na saa kwenye kila moja kwa penseli, pembeni yake lamu ya yule binti, nikafunga boksi, nikafunga labo.