Vidonge vya njano kabla ya mimba ya pili

Binti yangu wa kwanza alizaliwa na uvimbe laini kiunoni, mfano wa lengelenge lililojaa maji. Muuguzi aliufunika kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, akamlaza mtoto kifudifudi, ndipo akaniambia ni mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji siku ya tatu. Sasa ana miaka sita, anatembea kwa magongo hapa Uyole, na mkojo bado tunautoa kwa mpira mara kadhaa kwa siku. Majirani walisema yao, uchawi ukiwemo. Mimi kilichoniuma ni kwamba vidonge vya damu nilivyopewa kliniki nilivimeza vyote, sikuruka hata siku moja.

Nilipotaka kubeba mimba nyingine nilikwenda kwa daktari mmoja mjini Mbeya, mama wa makamo. Akashusha kalenda ukutani. "Ile mimba ya kwanza, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, mama?" Nikamwambia tarehe 3 Machi. Akaweka alama pale. Akahesabu, akaweka nyingine tarehe 17 Machi, siku ambayo mimba huenda ilitunga. Ya tatu akaiweka tarehe 14 Aprili. "Kufikia hapa mgongo wa mtoto ulikuwa umeshafunga, au umeshashindwa kufunga."

Siku 28 tu! Alinieleza kwamba mwanzoni ubongo na uti wa mgongo ni utepe bapa wa seli. Kingo zake hujikunja, hukutana na kuungana, ukawa mrija. Seli hapo zinagawanyika kwa kasi, na foliki asidi, aina ya vitamini, ndiyo inayohitajika kutengeneza vinasaba vya kila seli mpya. Mrija ukibaki wazi chini, ni mgongo wazi. Ukibaki wazi juu, mtoto hukosa fuvu na sehemu kubwa ya ubongo, na huyo haishi. Wengine huzaliwa na sehemu ya ubongo imetokeza kwenye uwazi wa fuvu, mara nyingi kisogoni. Kasoro za mrija huo ndizo foliki inazopunguza. Ugonjwa wa Down, kwa mfano, haumo, maana huo unatokana na kromosomu iliyozidi.

Mimi mkojo nilipima mwisho wa Aprili, kliniki nikaanza Julai. Vile vidonge vilinisaidia damu, lakini kwa mgongo vilikuta kazi imekwisha.

Mwanamke ambaye hajawahi kupata mtoto wa hivyo hushauriwa mikrogramu 400 za foliki kila siku, yaani miligramu 0.4, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Mimi niliandikiwa miligramu 5, kidonge kidogo cha njano, nianze miezi mitatu kabla. Tukatumia kondomu hadi miezi hiyo ikatimia. Mama mkwe alicheka: dawa ya mimba isiyokuwepo! Kwake maharage na mboga za majani zilitosha. Ni kweli zina foliki, ila tunazichemsha mno na maji tunamwaga, nayo inakwenda na maji. Unga wetu nao tunasaga mashineni mtaani, haujaongezwa kitu kama ule wa viwandani.

Mwezi wa pili vidonge viliniishia. Muuzaji wa duka la dawa akanipa vile vya damu, vyenye madini ya chuma miligramu 60 na foliki 0.4. "Meza kumi na viwili, dada, inakuja ile ile." Hesabu ya foliki inakaribia kweli, lakini chuma inakuwa miligramu 720 kwa siku, na hiyo ni sumu. Nilivirudisha, nikapanda daladala hadi mjini kutafuta vya njano.

Daktari hakuniahidi muujiza. Alinitajia utafiti uliotoka mwaka 1991 kwa wanawake waliowahi kupata mimba kama yangu: wasiopewa foliki, karibu 4 kati ya 100 ilijirudia, waliopewa miligramu 4, ni 1 kati ya 100. Huyo mmoja ndiye aliyeninyima usingizi.

Wiki ya 12 ilipotimia nikaacha vya njano, nikahamia vya kliniki vya 0.4. Hilo alilisisitiza, kwa sababu baada ya hapo nilikuwa naanza SP, dawa ya kukinga malaria, na foliki ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu.

Wiki ya 20 nilipigwa ultrasaundi. Mpimaji alipitisha kile kifaa tumboni polepole, akanigeuzia skrini nione pingili za mgongo, nyeupe, zimepangana hadi chini kabisa. Nikamwomba arudie. Akarudia.