Nilivyopata oda ya mashati nje, na ushuru wa kitambaa ulivyotaka kunikwamisha

Kila niliyemuomba ushauri aliniambia kitu kilekile, kaka ongeza ubora tu, soko lipo. Iliniudhi sana, maana mnunuzi alishashika sampuli akaikubali, kilichomkimbiza ni bei.

Hesabu yenyewe hii hapa, namba nimezizungusha. Shati huko nje ni 10,000, kitambaa chake bila ushuru 6,000, inabaki 4,000 ya mafundi, umeme na faida. Hapa nyumbani tuseme shati la nje linatozwa ushuru wa 25%, basi la kwangu naweza kuliuza mpaka 12,500, kitambaa nacho kina 25% hivyo nanunua 7,500, nabaki na 5,000. Safi kabisa. Sasa shati hilohilo nikilipeleka nje nalipwa 10,000 na kitambaa nimeshakinunua 7,500, nabaki na 2,500. Nusu! Cherehani ileile, fundi yuleyule. Ukuta unaonilinda ndani ndio unaonibana nikitaka kutoka.

Watu wanabishana nchi ilinde viwanda vya ndani au isukume mauzo ya nje, wakati Korea Kusini miaka ya 1960 walifanya vyote viwili pamoja. Soko lao walilifunga kwa ushuru, ila mwenye oda ya nje aliingiza malighafi bila ushuru, tena kiwango cha upotevu wa malighafi alichoruhusiwa kuhesabu kilizidi upotevu wa kweli, kinachobaki anakiuza ndani kwa bei ya juu. Faida ya ndani ikawa inabeba mauzo ya nje.

Na sisi Afrika Mashariki tuna utaratibu wa msamaha wa ushuru kwa malighafi ya bidhaa za kuuza nje, nikaomba. Kazi kubwa ni kuonyesha shati moja linakula kitambaa kiasi gani. Wakala aliniambia andika wastani mmoja yaishe, nikakataa. Tulitandika kitambaa mezani tukapanga karatasi za kukatia, mikono ya saizi ndogo tukaiingiza kwenye mapengo ya saizi kubwa, tukakata, tukapima vipande vilivyobaki kwenye mzani, kila saizi na hesabu yake. Mnunuzi akaja kuongeza saizi kubwa, na ningekuwa na ule wastani kitambaa cha msamaha kingeisha katikati ya oda, kinachopungua nakinunua dukani chenye ushuru na faida yote imeondoka. Uzani wa vipande nao ulinisaidia, afisa alipouliza mabaki yako wapi nilimuonyesha gunia na daftari.

Angalieni pia mashati yanayokataliwa na mnunuzi, usiyashushe Kariakoo kabla hujalipa ushuru wa kitambaa chake, hapo utaingia matatani.

Wenye viwanda vya kusuka vitambaa hawaupendi msamaha huu na nawaelewa, maana unawaondolea wateja kama mimi. Ila wakinipa kitambaa cha ubora uleule kwa 6,000, nanunua kwao kesho asubuhi.