Nilivyoituliza saketi ya kupandisha volti iliyogoma kutii mwinamo

Saketi yangu hupandisha volti 12 za betri ziwe 24 kwa mzigo wa ampea 1, ikiwa na koili ya maikrohenri 100 na kidhibiti kinachofuata mkondo wa koili hiyo. Kila nilipouharakisha mrejesho, volti za kutokea ziliyumba, na kila niliyemwuliza alijibu kwa uhakika uleule: hakikisha ukuzaji unashuka desibeli 20 kila masafa yanapoongezeka mara 10, fezi, yaani kiasi ambacho wimbi la kutokea huchelewa nyuma ya la kuingia, itajipanga yenyewe.

Kanuni hiyo si ya uongo. Hendrik Bode wa Bell Labs, Marekani, alionyesha kwamba katika mfumo wa fezi ya chini kabisa, yaani usio na ucheleweshaji wala sifuri au ncha, pale ukuzaji unapofika 0 au kukosa mwisho, upande wa kulia wa ndege ya s, mchoro wa ukuzaji ukijulikana wote, fezi nayo imeshajulikana. Mwinamo wa desibeli 20 kwenda chini huleta kuchelewa kwa digrii 90, kwa hiyo kila desibeli ni digrii 4.5, mradi mwinamo haubadiliki ghafla karibu na hapo.

Fundi mmoja aliyezoea amplifaya alisisitiza niweke kapasita sambamba na kipingamizi cha juu cha mrejesho ili kuinua fezi. Iliinua kweli, lakini iliinua na ukuzaji, hivyo mahali ukuzaji unapofikia 1 pakahamia masafa ya juu zaidi, ambako fezi ilikuwa imeporomoka kupita kiasi kilichorudishwa. Koili ikaanza kulia kama mbu, naye akapendekeza kapasita kubwa zaidi!

Nilipima ukuzaji na fezi kwa pamoja, kisha nikakokotoa fezi ambayo ukuzaji peke yake ungeitabiri. Kwenye kilohezi 9.5 mwinamo ulikuwa umelegea hadi desibeli 10, ukitabiri kuchelewa kwa digrii 45. Kipimo kilionyesha 135 hivi. Digrii 90 za tofauti hazikuacha alama yoyote kwenye ukuzaji, na hiyo ndiyo kazi ya sifuri ya upande wa kulia iliyo kwenye masafa ωz, ambayo huleta kigawo kinachopitisha masafa yote, (1 − s/ωz)/(1 + s/ωz): ukubwa wake ni 1 daima, ilhali fezi yake ni −2 arctan(ω/ωz). Hesabu ya ωz = R(1 − D)²/L, ambamo R ni mzigo wa omu 24, D ni sehemu ya muda ambayo transista hupitisha mkondo, hapa 0.5, na L ni koili, yaani 24 × 0.25 ÷ 0.0001, inatoa radiani 60,000 kwa sekunde, ambazo ni kilohezi 9.5 zilezile.

Chanzo chake ni kwamba transista ikipitisha mkondo muda mrefu zaidi ili kuongeza volti, diodi hupata muda mfupi wa kupeleka mkondo kwenye mzigo, kwa hiyo volti huanguka kwanza ndipo zipande. Sifuri hiyo haifutiki kwa ncha iliyowekwa juu yake, kwa kuwa ncha yenyewe ingekuwa upande wa kulia na kulipua mfumo.

Betri ikishuka hadi volti 10.5, sifuri inateremka mpaka kilohezi 7.3 hivi. Niliuweka ukuzaji ufikie 1 kwenye kilohezi 1.5, ambako sifuri hiyo huongeza kuchelewa kwa digrii 12 hivi tu juu ya zile 90 za mwinamo, kisha nikaongeza kapasita za kutokea ili kufidia mrejesho uliopungua kasi.