Tak, tak, tak mezani kwa fundi

Mjomba alifika Chake Chake kwa gari la asubuhi kutoka Wete, hadi diski yake kaifunga kitambaa ndani ya mkoba wa skuli. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kiduka cha kutengeneza kompyuta, chini ya fundi mmoja mtu mzima tuliyemwita Ami. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na sauti za wazee wa Pemba alizozirekodi kwa miaka: ngano, vitendawili, habari za kuunda ngalawa, majina ya pepo za baharini. Nakala nyingine hakuwa nayo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hii ilianguka mezani huku inafanya kazi. Tangu hapo inalia tu."

Nilikuwa na hamu ya kuichomeka papo hapo. Ami akanizuia, akauliza kwanza inalia vipi: inajaribu kuzunguka ikakatika, au inazunguka vizuri kisha ndiyo inagonga? Mjomba hakuweza kutofautisha, na kwa kweli wateja wengi hawawezi. Lakini jawabu lote limo humo.

Hadi diski ndogo ya kubeba mkononi hula umeme mwingi zaidi pale mota inapoanza kuzungusha sahani zake zilizoandikwa mafaili, pengine karibu na ampia 1 kwa muda mfupi. Tundu la USB la zamani limepangiwa nusu ya hapo. Waya ukiwa mrefu au umechoka, umeme unapungua njiani, mota inapanda kidogo, inagonga mara moja, inazima, inaanza upya. Diski ya namna hiyo huwa nzima. Inahitaji waya mfupi na tundu lenye nguvu. Basi Ami akatoa waya mfupi aliouamini, akachagua tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, akaniambia, "Tunaiwasha mara moja tu. Sikiliza."

Akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye ganda la diski, mpini akanipa nikauweka nyuma ya sikio. Nikasikia mota ikipanda sawasawa mpaka ikatulia kwenye mvumo mmoja, bila kutetereka. Umeme, basi, ulikuwa unatosha. Kisha: tak. Kimya kifupi. Tak. Tak. Zikaenda kwa mpigo ule ule, halafu mota ikajizima yenyewe. Kwenye skrini diski haikutokea hata jina. Ami akachomoa waya.

"Vichwa," akasema.

Akatueleza taratibu. Mota ikishatulia, mkono wenye vichwa vya kusomea hutoka maegeshoni ukaingia juu ya sahani, kutafuta alama zilizoandikwa kiwandani zinazouonyesha ulipo. Kichwa kilichoumia hakizioni. Mkono hurudi mwisho wa njia yake, hujaribu tena, hurudi tena, na kule kurudi ndiko tunakokusikia. Baada ya majaribio kadhaa diski hukata tamaa. Jambo la kutisha ni kwamba vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko vumbi la unga. Kilichopinda kinaweza kuwa kinakwaruza, na pale kilipokwaruza hakuna fundi wa kuparudisha.

Jirani wa duka akashauri tuitie kwenye friji usiku mmoja. Ami alikasirika, na mimi mpaka leo nakasirika nikiusikia ushauri huo. Kwa unyevu wa hewa yetu, kitu kilichotoka kwenye baridi kinatoa jasho dakika ile ile, nje na ndani, na jasho juu ya sahani linamaliza kilichobaki.

Kuifungua pale dukani pia alikataa. Kubadilisha vichwa kunahitaji hewa iliyochujwa na diski nyingine ya aina ile ile ya kutolea vichwa. Mjomba akakubali ipelekwe nje ya kisiwa kwa watu wa kazi hiyo, ingawa bei ilimuumiza.

Ilirudi pamoja na hadi diski mpya iliyojaa mafaili. Kichwa kimoja kilikuwa kimekwaruza upande wake wa sahani, nyuso nyingine zilisomeka. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia: faili kubwa halikai upande mmoja, hugawanywa kwa vipande kutoka uso hadi uso. Vitendawili vya dakika moja vingi vilitoka vizima. Mazungumzo ya saa nzima yalikuwa na mapengo ndani, sauti ya mzee inakatika, inarudi, inakatika tena.

Mjomba akakaa na daftari akiandika kila pengo lilipo na nani alikuwa akizungumza. Wale waliokuwa hai aliwafuata tena, Konde, Micheweni na Kojani, na safari hii kila rekodi aliinakili kwenye diski mbili kabla hajalala.