Siku moja maishani mwangu: flaski zilizoyeyuka Kamukunji

Saa 12 na nusu asubuhi. Niko kwenye matatu, Barabara ya Jogoo, foleni imeshaanza kushika. Naelekea Kamukunji, kwenye duka la vyombo: sufuria, flaski, ndoo. Duka lina milango miwili. Mmoja ni wa mabati, mwingine ni tovuti ya kuuzia, iliyojengwa kwa WooCommerce. Dada wa kaunta anaandika idadi ya mali kwenye Google Sheets, tovuti ina hesabu yake, na kazi yangu ni kuhakikisha hesabu hizo mbili hazigombani.

Saa 2. Skripti yangu ya Python inaamka. Inaamshwa na cron, ratiba ya seva, kila robo saa:

```
*/15 5-17 * * * flock -n /tmp/stoki.lock python3 /home/duka/stoki.py
```

Msishangae hiyo 5. Seva yetu inafuata saa za UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa 3. Mwanzoni niliandika 8-20, tukashinda asubuhi nzima tukisubiri mpaka saa 5. `flock` nayo inazuia skripti ya pili kuanza kabla ya ile ya kwanza kumaliza.

Saa 4. Kaunta imejaa wateja wa jumla, nami nina chai na mandazi, kwa hiyo nieleze kidogo. Toleo la kwanza la skripti lilikuwa linanakili tu namba za karatasi ya Google Sheets na kuzibandika kwenye tovuti. Tuseme flaski za lita 3 zilikuwa 12. Kaunta imeuza 3, karatasi inasema 9. Tovuti imeuza 2, yenyewe inasema 10. Ukibandika 9 kwenye tovuti, zile 2 zilizokwisha lipiwa zinafufuka, na kuna mtu atauziwa flaski isiyokuwepo. Ndiyo maana sasa natunza namba ya tatu, ile ambayo pande zote zilikubaliana mara ya mwisho. Naiita msingi, na inakaa kwenye faili dogo la SQLite.

```python
mpya = msingi + (karatasi - msingi) + (tovuti - msingi)
```

Yaani 12, toa 3, toa 2: zinabaki 7. Ile 7 inaandikwa kwenye karatasi, kwenye tovuti, kisha inakuwa msingi mpya.

Saa 7 na dakika 5 mchana. Dada wa kaunta ananiita. "Kaka, hii flaski ya lita 3 kompyuta inasema ziko 2. Mimi hapa nahesabu 7."

Natazama tovuti: nayo inasema 2. Pande zote zinakubaliana, na zote zinadanganya. Pengo ni 5, sawasawa na mauzo ya tangu saa 6 na nusu. Hapo moyo ukanidunda, maana pengo linalolingana na mauzo maana yake mauzo yametolewa mara mbili. Naizima cron kwanza, maswali baadaye.

Kwenye kumbukumbu za skripti nakuta `ValueError`. Mtu aliandika "8 na moja imebonyea" kwenye safu ya idadi ya sufuria. Kwa binadamu hiyo ni taarifa nzuri sana. Kwa `int()`, inayogeuza maandishi kuwa namba, ni ukuta. Saa 7 kasorobo skripti iliandika 7 za flaski pande zote mbili, ikaendelea mpaka kwenye sufuria, ikaanguka. Nami, kwa uvivu, nilikuwa nahifadhi misingi yote mwishoni kabisa. Kwa hiyo saa 7 kamili msingi ulikuwa bado 12: 12, toa 5, toa 5 tena, ikaandika 2. Ingefika saa 7 na robo ingeandika hasi 8.

Saa 8 mpaka saa 10. Tunahesabu rafu kwa mikono, bidhaa zote zilizouzwa tangu saa 6 na nusu. Mama mwenye duka anapita, anauliza, "Si ulisema kompyuta ndiyo itahesabu?" Najibu, "Leo inahesabiwa yenyewe, Mama."

Marekebisho ni mawili. Skripti sasa inasoma idadi zote kwanza, na ikikuta kitu kisicho namba inairuka bidhaa hiyo na kunitumia ujumbe. Na msingi unahifadhiwa papo hapo baada ya kila bidhaa. Bado upo mwanya: seva ikizima kati ya kuandika tovuti na kuhifadhi msingi, bidhaa moja itaharibika. Basi kabla ya kuandika naweka alama kwenye SQLite, nikishahifadhi naifuta. Skripti ikianza na kukuta alama, haigusi bidhaa hiyo mpaka mtu ahesabu.

Nimeongeza pia safu ya "maelezo" kwenye karatasi, ili sufuria iliyobonyea iwe na pa kukaa.

Saa 2 usiku na dakika 45. Mzunguko wa mwisho wa leo. Flaski za lita 3: karatasi 6, tovuti 6, msingi 6. Kuna moja iliuzwa jioni. Nainamia rafu kuhakikisha. Sita.